Kiyoyozi Huoshwa Mgongoni

Kila Jumamosi asubuhi jirani yangu wa Mbezi Beach, mwalimu mstaafu, huchukua kitambaa chenye unyevu na kuifuta mashine ya nje ya kiyoyozi chake. Hufuta mfuniko wa juu, hufuta grili ya feni, hufuta ubavu wenye karatasi ya kiwandani. Ukipita barabarani utadhani imefungwa jana. Hata hivyo, Februari hii, kaskazi ilipokuwa imepoa na joto la mchana likigoma kushuka chini ya nyuzi 32, chumba chake kilikuwa hakipoi. Mashine ilinguruma mchana kutwa, units za LUKU zilikwisha kabla ya wakati, na mara mbili breka ilijizima yenyewe saa nane mchana.

Fundi wa kwanza aliyeitwa hakuchukua dakika tano. Alisimama mbele ya mashine, akasikiliza, akasema gesi imeisha, ijazwe. Mwalimu hakuwa na fedha siku ile, na hilo ndilo lililomwokoa. Fundi wa pili, kijana anayetengeneza majokofu mtaani kwetu, alikuja siku iliyofuata na tochi. Hakusimama mbele. Alijibana kati ya mashine na ukuta, penye nafasi ya kama sentimita 15, akamulika mgongo.

"Mwalimu, njoo uone," aliita.

Mgongo ule ulikuwa umevaa blanketi. Vumbi jekundu la barabara, nyuzi za nguo zilizoanikwa, majani makavu ya mwarobaini na manyoya ya paka vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kimoja kama zulia la kijivu. Uso ambao Mwalimu alikuwa akiufuta ni ule wa kutolea hewa. Hewa huingilia mgongoni, na uchafu wote huingia nayo.

Kazi ya yale mapezi

Ili kuelewa kwa nini zulia lile lilizima breka, inabidi kujua mashine ya nje inafanya nini. Kiyoyozi hakitengenezi ubaridi. Kinachukua joto la chumbani na kulipeleka nje. Mbebaji wa joto hilo ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Gesi ikifika nje, kompresa huikandamiza hadi inakuwa ya moto sana, kisha inapita kwenye koili ya kondensa, yaani bomba la shaba lililokunjwakunjwa nyuma na ubavuni mwa mashine. Humo gesi hupoa, hugeuka kimiminika, na joto lililobebwa kutoka chumbani huachwa hewani.

Bomba peke yake halina eneo la kutosha kutoa joto hilo lote. Kwa hiyo limepitishwa katikati ya mamia ya vipande vyembamba vya alumini vilivyosimama wima, kimoja baada ya kingine. Hayo ndiyo mapezi. Kila pezi lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na nafasi kati ya pezi na pezi ni kama milimita moja na nusu. Feni huvuta hewa ipite kwenye nafasi hizo. Ndiyo maana ukisimama mbele ya mashine unapigwa na upepo wa moto: ni joto la chumba chako hilo linaondoka.

Nafasi zikizibwa, hewa haipiti. Joto lazima litoke hata hivyo, na njia pekee inayobaki ni gesi kuwa ya moto zaidi na kukandamizwa zaidi. Chukua gesi ya R410A, ambayo ndiyo iliyomo kwenye mashine ya Mwalimu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 hivi kwa kipimo cha PSI. Gesi hiyo ikigeuka kimiminika kwenye nyuzi 45, kama inavyotarajiwa siku ya joto koili ikiwa safi, presha yake kwenye mita ni kama 380 kwa kipimo hichohicho. Koili ikiziba na gesi ikalazimika kufika nyuzi 55, presha inapanda hadi karibu 480. Kompresa ndiyo inayobeba mzigo huo wa nyongeza. Inavuta umeme mwingi zaidi, inachemka, na mwisho kinga yake au breka ya ukutani inakata.

Hapo ndipo kijana yule alipompinga mwenzake kwa ushahidi. Alibana mita yake kwenye waya wa kompresa. Karatasi ya kiwandani ilisema ampea 5.2, mita ilisoma 6.3. Kwa mashine ya kawaida, isiyo ya inveta, gesi ikipungua kompresa hukosa cha kukandamiza na ampea hushuka chini ya kiwango cha kiwandani. Zikipanda juu ya kiwango, mtu wa kwanza kushukiwa ni koili chafu. Isitoshe, gesi ya kiyoyozi hailiki kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Kumwongezea gesi Mwalimu siku ile kungeongeza presha juu ya presha.

Kovu la mwaka jana

Zulia lilipoanza kutolewa, likaonekana jambo jingine. Sehemu ya chini ya koili, yenye ukubwa wa viganja viwili, mapezi yalikuwa yamelala kama nyasi zilizokanyagwa. Uso wake ulikuwa laini, unang'aa, hauna hata ufa wa kupitisha hewa. Mwalimu alikumbuka: mwaka jana kijana wa kuosha magari alipita na mashine yake ya presha, akaahidi kuimaliza kazi kwa dakika kumi.

Ni rahisi kuona kwa nini alikosea. Maji ya bomba la nyumbani huwa na presha ya 30 mpaka 60 kwa kipimo kile cha tairi. Tangi lililo juu ya mnara wa mita sita hutoa kama 8 tu. Mashine ya kuoshea magari hutoa 1,500 na zaidi, ikiwa imebanwa kwenye mdomo mwembamba. Bodi ya gari inavumilia. Alumini yenye unene wa karatasi haivumilii. Maji yakiipiga kwa mshazari hata kwa sekunde mbili, pezi linalala juu ya jirani yake na njia ya hewa inafungwa moja kwa moja. Uchafu ungeweza kutoka siku nyingine. Pezi lililolala halijiinui.

Kuna ubaya mwingine usioonekana. Maji yenye nguvu yakipigwa kutoka nje hayatoi uchafu, yanausukuma ndani. Koili nyingi zina safu mbili za mabomba, moja nyuma ya nyingine. Vumbi likisukumwa na maji hugeuka tope katikati ya safu hizo, likakauka kama udongo wa kufinyangia. Kwa nje koili inaonekana imetakata, kumbe moyo wake umezibwa. Mashine ya namna hiyo hufanya vizuri kwa wiki moja kisha inarudi kulekule, na mwenyewe haelewi kwa nini.

Dawa inayotoa povu

Mwalimu alikuwa amejiandaa. Alitoa chupa aliyoinunua dukani, dawa kali ya kusafishia koili ambayo muuzaji alimsifia kwamba ukiipuliza inafura povu jeupe na kuutoa uchafu wenyewe. Kijana aliisoma, akaiweka chini.

Alumini ina tabia ya pekee. Vyuma vingi vinavyoogopa asidi haviogopi magadi makali. Alumini inaogopa vyote viwili. Kinachoilinda ni ngozi nyembamba inayojiumbia yenyewe ikikutana na hewa. Kostiki soda, ambayo ndiyo nguvu ya dawa nyingi za namna hii, huyeyusha ngozi hiyo, kisha huanza kuila alumini yenyewe. Katika kuliwa huko hutoka hewa ya hidrojeni, na mapovu yake ndiyo yanayofurisha lile povu na kuung'oa uchafu. Kwa maneno mengine, sehemu ya kinachofurahisha macho ni koili yako inayoyeyuka. Katika pezi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hakuna akiba ya kuyeyusha kila mwaka. Kama mapezi yalikuwa yamepakwa rangi ya kinga ya kiwandani, ya buluu au ya dhahabu kama yalivyo kwenye mashine nyingi, nayo huanza kubanduka.

Dawa za asidi ni mbaya vilevile, na baadhi ya zile kali zilitengenezwa kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi ya mtu na kuunguza ndani kabla hata hajasikia maumivu. Maji ya betri na dawa ya kusugulia choo ziko katika kundi hilohilo la vitu visivyopaswa kukaribia koili. Jiki nayo imo. Klorini yake huitoboa alumini vitundu vidogovidogo, hasa pale pezi linapogusana na bomba la shaba. Shaba na alumini zikilowa maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini.

Maneno hayo kuhusu chumvi yanamhusu sana mtu wa pwani. Upepo wa bahari unaleta chumvi kila siku, kwa hiyo koili ya Mbezi, ya Tanga au ya Nyali inahitaji kusuuzwa mara nyingi zaidi kuliko ya Dodoma. Lakini angalia unaisuuza kwa maji gani. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Ukiiosha koili kwa maji hayo na kuiacha ikauke, umeiongezea kile ulichotaka kukiondoa. Mwalimu ana kisima uani na bomba la DAWASA jikoni. Kijana aliyaonja yale ya kisima kwa ncha ya ulimi, akaomba mpira uungwe kwenye bomba.

Kuosha kwenyewe

Kazi ilianza kwenye breka. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu umeme unaweza kuwa bado unafika kwenye mashine ya nje. Alizima breka ya kiyoyozi kwenye ubao wa umeme, akazima swichi iliyo karibu na mashine, akamwambia mjukuu wa Mwalimu akae pale ubaoni mtu asije akaiwasha. Kisha akasubiri dakika kumi. Ndani ya mashine kuna kapasita, kile kikopo cha duara chenye nyaya juu yake, ambacho huhifadhi umeme hata baada ya breka kuzimwa. Mashine za inveta zina kapasita kubwa zaidi kwenye bodi. Mtu asiye fundi asikiguse kabisa kikopo hicho, hata baada ya kusubiri. Dakika hizo kumi pia ziliipa koili na bomba la kompresa nafasi ya kupoa.

Alifungua skrubu za mfuniko wa juu, akauinua. Kwa ndani palionekana sehemu mbili: upande mmoja feni ikitazamana na koili, upande mwingine, nyuma ya kizuizi cha bati, kompresa na boksi la umeme. Boksi hilo alilifunika kwa mfuko wa nailoni na kuukaza kwa selotepu. Karanga za mabomba ya gesi hakuzigusa, wala yeyote anayeosha hana sababu ya kuzigusa.

Kabla ya maji, brashi kavu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kuirukia maji ndiko kunakozaa lile tope. Alitumia brashi laini ya kupakia rangi, akipiga kutoka juu kwenda chini, kufuata mapezi yalivyosimama, kamwe si kukatisha. Zulia lilibanduka vipande vipande. Palipogoma alilivuta kwa vidole, akiwa amevaa glavu, kwa sababu kingo za mapezi hukata kama wembe. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi anaweza kuitumia hapa akiwa ameifunga kichwa cha brashi. Ndoo ndogo ilijaa uchafu mkavu kabla ya tone la kwanza la maji.

Kisha sabuni. Vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita tano za maji, vikakorogwa polepole. Aliyatia kwenye chupa ya kupulizia na kuilowesha koili pande zote, nje na ndani. Akasubiri dakika kumi, akirudia kupulizia alipoona inataka kukauka, maana sabuni ikikauka juu ya mapezi huwa gundi ya vumbi la kesho.

Kusuuza kulifanyika kinyume na njia ya hewa. Hewa huingia kutoka nje kwenda ndani; kwa hiyo maji yalipitishwa kutoka ndani kwenda nje, ili kila chembe irudi ilikotoka bila kulazimika kuvuka koili nzima. Aliingiza mpira kutoka juu, kati ya feni na koili, akabana mdomo wake kwa kidole kiasi cha kutawanya maji tu, akateremka polepole kutoka juu hadi chini, mstari baada ya mstari, akielekeza maji mbali na boksi la umeme. Maji yaliyotoka nyuma yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Aliendelea hadi yakatoka meupe, kisha akarudia mzunguko mmoja tena. Mwisho alizibua kwa kijiti matundu ya kutolea maji chini ya mashine, ambayo yalikuwa yamejaa majani. Yakiziba, maji husimama na kulikalia bati na mguu wa koili.

Kama mfuniko wako haufunguki kwa urahisi, unaweza kusuuza kutoka nje, mradi umepiga brashi kavu vizuri, maji ni ya upole, na mpira umeelekezwa wima ukitelemkia chini sambamba na mapezi. Matokeo hayatakuwa kamili, lakini hutaharibu kitu. Na kama mashine imening'inia ukutani ghorofa ya pili, usijaribu kuinama dirishani na ndoo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye ngazi na mkanda.

Kuchana

Koili iliachwa ikauke nusu saa juani. Ndipo kijana akatoa kitana. Si cha nywele, ingawa kinafanana nacho: ni kipande chenye meno yaliyopangwa kwa nafasi maalumu, na huuzwa kwenye maduka ya vipuri vya majokofu. Kila kitana kina namba, nayo ni idadi ya mapezi katika inchi moja. Alichukua rula, akaiweka mahali ambapo mapezi yalikuwa bado yamenyooka, akahesabu: 18 katika inchi moja. Akachagua upande wenye namba hiyo. Meno yakiwa ya nafasi tofauti hayaingii sawasawa, na ukilazimisha yanalaza hata yaliyokuwa mazima.

Hakuanza kwenye kovu. Aliyaingiza meno sentimita nne juu yake, kwenye mapezi yaliyonyooka, ili kila jino lishike nafasi yake kwanza. Kisha akavuta kwenda chini taratibu, bila kukandamiza, akiingia kwenye sehemu iliyolala kama mtu anayechana nywele za mtoto. Kitana kilipokwama hakukisukuma. Alikitoa, akayainua kwanza mapezi yaliyolala kabisa, moja moja, kwa kisu butu cha kupakia siagi, kisha akarudi juu na kuanza upya. Kina cha meno hakikuzidi milimita chache, kwa sababu ndani zaidi kuna mabomba ya shaba, na bomba likitobolewa gesi yote inaondoka.

Pezi lina idadi ndogo ya mikunjo linayoweza kuvumilia. Alumini ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi huchoka na kukatika, kama waya unaopindwa huku na huku. Kwa hiyo kila eneo lilipitishwa kitana mara mbili au tatu, basi. Baada ya dakika 40, sehemu kubwa ya kovu ilikuwa imesimama tena. Mapezi machache yalibaki yamepinda na mengine mawili matatu yalikatika. Aliyaacha. Lengo ni hewa ipite. Koili haipotezi kitu cha maana kwa mapezi machache yaliyopinda, lakini inapoteza sana eneo zima likifungwa.

Kuna koili ambazo kitana hiki hakiziwezi. Baadhi ya mashine mpya zina koili ya alumini tupu, ambayo badala ya mabomba ya duara ina mabomba bapa kama utepe, na kati yake kuna mapezi yaliyokunjwa kwa umbo la mawimbi. Ukimulika na kuona mawimbi hayo, weka kitana chini. Brashi laini na maji ya upole ndiyo mwisho wako. Na kama koili ni ya kawaida lakini pezi linasagika kuwa unga mweupe ukiligusa kwa kidole, chumvi imeshalila. Hakuna kuosha wala kuchana kutakakolirudisha, na cha kufikiria ni koili mpya.

Jambo moja zaidi huonekana vizuri koili ikiwa imetakata: doa la mafuta. Ndani ya gesi kuna mafuta ya kulainisha kompresa, na gesi inapovuja huyaacha mahali ilipotokea. Ukikuta sehemu yenye unyevu wa mafuta iliyoshikilia vumbi jeusi wakati kwingine ni kavu, hapo ndipo pa kumwonyesha fundi. Koili ya Mwalimu haikuwa na doa lolote, na hiyo ikawa hukumu ya mwisho juu ya ile habari ya gesi kuisha.

Mita ikasema

Mfuko wa nailoni ulitolewa, mfuniko ukafungwa, wakasubiri saa moja ili maji yote yachuruzike. Breka ikawashwa saa tisa alasiri, jua likiwa bado kali. Baada ya robo saa ya kufanya kazi, mita iliyobanwa kwenye waya uleule ilisoma ampea 5.3. Ndani, kipimajoto kilichowekwa mdomoni mwa kiyoyozi kilionyesha hewa inayotoka ikiwa na ubaridi wa nyuzi 11 kuliko ile inayoingia. Asubuhi tofauti ilikuwa 6. Nje, upepo wa mbele ya feni ulikuwa na nguvu ambayo Mwalimu alisema hakuisikia tangu mashine ilipofungwa.

Hata asiye na mita anaweza kujipima. Kabla ya kuosha, shika karatasi mbele ya feni na uangalie inavyosukumwa. Angalia inachukua dakika ngapi chumba kupoa baada ya kuwasha. Rudia baada ya kuosha, saa ileile ya siku. Ukiona hakuna tofauti yoyote ilhali koili sasa ni safi, basi tatizo lilikuwa kwingine, na hapo ndipo wakati wa kumwita fundi apime gesi na kapasita. Vipimo vyake vitakuwa na maana, kwa sababu presha iliyopimwa kwenye koili chafu hudanganya.

Mwalimu aliuliza arudie lini. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari na barabara ya vumbi kama yake, kijana alimshauri brashi na maji matamu ya upole kila baada ya miezi mitatu, na kuosha kwa sabuni mara moja kwa mwaka kabla joto la Desemba halijaanza. Kwa nyumba ya bara isiyo na vumbi jingi, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Chupa ya dawa kali ilirudishwa dukani ikiwa haijafunguliwa. Mwenye duka alikataa kurejesha fedha, akatoa kitana cha mapezi badala yake.

Basi na wewe, kabla hujalipia gesi msimu huu, chukua tochi uende ukamulike nyuma. Ukishindwa kuona mwanga ukipenya kati ya mapezi, anza na brashi.